Barua ya Sekunde 60

Barua nyingi za kuomba picha za habari za zamani hukwama kwa sababu moja: mwombaji anaomba tukio, na kituo cha televisheni kinahifadhi kanda. “Tunaomba mtupatie picha za ajali ya MV Bukoba kwa ajili ya filamu yetu.” Sentensi hiyo inaeleweka na kila Mtanzania mwenye umri wa kuikumbuka ajali ile. Lakini mtunza kanda akiisoma hajui aanzie rafu ipi, na mwanasheria wa kituo akiisoma hajui anaombwa aruhusu nini, kitumike wapi, kwa muda gani. Hakuna anayekataa. Barua inawekwa kando imsubiri mtu mwenye nafasi ya kuuliza maswali ambayo mwombaji alipaswa kuyajibu mwenyewe, na mtu huyo hapatikani kirahisi katika chumba cha habari chenye taarifa ya saa mbili usiku ya kuandaa.

Basi tuichukue ajali hiyohiyo iwe mfano. MV Bukoba ilipinduka asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Uwezo wake unaotajwa ni abiria 430. Waliokufa wanaotajwa ni zaidi ya 800. Wengi wao wamezikwa Igoma, Mwanza. Tuseme kuna kikundi cha jamaa za waliokufa na walionusurika, baadhi wako Kagera na baadhi Mwanza, wanaotengeneza filamu ya dakika 40. Wameshawarekodi wazee wao wakisimulia. Wanachokosa ni picha za siku zile: tumbo la meli likiwa juu ya maji, watu bandarini, mazishi. Kikundi hiki nimekibuni ili tupate njia ya kupitia, ila maswali kinayokutana nayo ndiyo yanayomkuta kila anayeandika barua ya namna hii.

Swali la kwanza ni barua iende kwa nani, na hapa wengi hupotea kabla hawajaandika neno. Fikra ya haraka ni kuandika kwa TBC, kwa kuwa ndilo shirika la taifa. Lakini mwaka 1996 Tanzania Bara haikuwa na televisheni ya taifa. Televisheni ya Taifa, TVT, ilianza mwaka 2000. Zanzibar walikuwa na TVZ tangu miaka ya 1970, na Bara palikuwa na vituo vichanga vya binafsi: ITV, DTV na CTN, vilivyoanza katikati ya miaka ya 1990. Anayeiandikia TBC akiomba picha za video za Mei 1996 anaomba kitu ambacho shirika halikuwa na kamera ya habari za televisheni ya kukipigia. Hata hivyo TBC ina hazina nyingine ambayo waombaji huisahau. Ndiyo mrithi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na mwaka ule nchi nzima iliisikia habari ya meli ile kupitia redio kabla ya wengi kuona picha hata moja. Kwa hiyo barua ya TBC iwepo, ila iombe sauti: taarifa za habari za siku zile na matangazo ya maombolezo ya kitaifa. Sauti ya mtangazaji wa RTD juu ya picha tulivu ya ziwa inaweza kuibeba filamu kuliko dakika tatu za kanda iliyochakaa.

Kwa picha za video, waandikiwe waliokuwa na kamera. Vituo vya binafsi vya wakati ule ni kundi la kwanza. La pili ni mashirika ya habari ya kimataifa, ambayo wapiga picha wake au mawakala wake hufika kwenye maafa makubwa na kuziuza picha hizo kwa vituo duniani kote. Miaka ile majina yaliyotawala kazi hiyo yalikuwa Reuters Television, APTV ya Associated Press, na WTN. Mwaka 1998 AP iliinunua WTN na kuiunganisha na APTV, ikazaliwa APTN. Kwa sababu hiyo kanda iliyopigwa na WTN mwaka 1996 leo inatafutwa kwenye hifadhi ya AP, na jina la WTN unaweza usilione mahali popote kwenye tovuti. Mambo haya ya nani kamnunua nani yanaonekana ya wafanyabiashara, lakini barua iliyotumwa kwa kampuni iliyokufa haijibiwi.

Ugumu unaanza pale makundi hayo mawili yanapokutana ndani ya habari moja. Taarifa ya habari ya kituo cha Dar es Salaam mwaka 1996 ingeweza kuwa na picha za mpiga picha wake mwenyewe kwa sekunde ishirini, kisha picha za shirika la kimataifa kwa sekunde kumi, kisha ramani, kisha tena picha zake. Mtazamaji anaona habari moja yenye nembo ya kituo kwenye kona. Kisheria ni kazi za watu wawili zilizoshonwa pamoja. Kituo kilikuwa na ruhusa ya kuzionyesha picha za shirika kwenye habari zake, na mara nyingi ruhusa hiyo ilikuwa ya muda mfupi. Hakina mamlaka ya kukupa wewe. Kituo kikikuandikia “tunakuruhusu kutumia habari hii”, kinakupa sehemu yake tu, hata kama hakikusema hivyo. Utaijua sehemu nyingine siku shirika lenye mali litakapoitambua picha yake kwenye filamu yako na kuleta ankara.

Zipo dalili za kukuonya mapema. Picha ikibadilika ghafla ubora wake, rangi zikawa nyingine au mistari ya picha ikatulia zaidi kuliko ile ya kabla yake, huenda chanzo kimebadilika. Maandishi madogo pembeni yenye jina la shirika ni dalili ya wazi zaidi. Ukiona picha ileile kwenye habari za vituo viwili visivyo na uhusiano, karibu hakika imetoka kwa shirika. Hifadhi ya AP huandika kwa kila habari kichwa, tarehe, namba ya habari, orodha ya picha moja baada ya nyingine na, muhimu kuliko yote, mstari wa vikwazo: nani aliyeipiga na nani haruhusiwi kuitumia. Linganisha orodha hiyo na kipande ulichonacho, picha kwa picha. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kabla ya barua.

Kikundi chetu kinaanza na kipande cha dakika nne kilichokuwa kikizunguka kwenye simu. Mtu fulani alirekodi televisheni yake kwenye VHS miaka ile, mwingine akaja kuirekodi kanda hiyo kwa simu, na sasa picha imepoteza kona na sauti inavuma. Kipande hiki hakifai kuingia kwenye filamu kwa sababu mbili tofauti, ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni haki: kuwa na nakala hakukupi ruhusa, hata kama nakala hiyo umekuwa nayo kwenye simu miaka kumi. Ya pili ni ubora: ruhusa pekee haikupi nakala. Kituo kinaweza kukubali kwa moyo mkunjufu kisha ukabaki na picha ya simu iliyotetemeka. Barua nzuri inaomba vitu viwili waziwazi, idhini na nakala, na inaelewa kwamba vinaweza kutoka kwa watu wawili tofauti ndani ya jengo moja na kugharimu pesa mbili tofauti.

Lakini kipande kile cha simu kina kazi kubwa nyingine. Ndicho ramani. Kikundi kinakaa na daftari na kuandika kila picha inayohitajika inaanzia wapi na kuishia wapi. Picha ya kwanza, watu wamesimama bandarini: inaanza sekunde ya 14, inaisha sekunde ya 31. Ya pili, tumbo la meli majini: dakika 1 na sekunde 2 hadi dakika 1 na sekunde 27. Ya tatu, mazishi: dakika 3 na sekunde 10 hadi dakika 3 na sekunde 28. Sekunde 17, sekunde 25, sekunde 18. Jumla ni sekunde 60. Hapo ndipo “picha za MV Bukoba” zinapokuwa kitu ambacho mtu anaweza kukitafuta, kukipigia bei na kukitolea idhini. Kikundi kinaandika pia kilichosikika: jina la msomaji wa habari, maneno ya kwanza ya habari yenyewe, jina la mwandishi aliyejitaja mwishoni. Mtunza kanda anaweza asiwe na orodha ya picha, lakini akawa na daftari la taarifa za habari kwa tarehe na kwa mwandishi.

Kuhusu tarehe, tahadhari moja. Siku ya tukio na siku ya kutangazwa ni vitu viwili. Kanda zimepangwa kwa siku ya kutangazwa au siku ya kuingizwa maktaba, na habari ya Mwanza ya wakati ule ilihitaji kusafiri ndipo ionekane Dar es Salaam. Mazishi na uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kikundi hakiandiki “tarehe 21 Mei” peke yake. Kinaandika “taarifa za habari za kati ya tarehe 21 Mei na mwisho wa mwezi huo, 1996”, na kuongeza kwamba picha hizo huenda zilirudiwa kwenye kumbukumbu za kila mwaka, mwezi Mei. Nyongeza hiyo ina thamani kubwa. Mara nyingi kanda asilia imefutwa kwa kurekodiwa habari nyingine juu yake, kwani kanda zilikuwa ghali na vituo vilizitumia tena na tena, huku sekunde chache zikiwa zimenusurika ndani ya kipindi cha kumbukumbu kilichoandaliwa miaka mitano baadaye.

Sasa barua yenyewe. Iandikwe kwa taratibu za barua ya kiofisi tuliyoizoea, kwa Mkurugenzi Mtendaji, nakala kwa mkuu wa maktaba ya kanda. Kichwa chake kibebe mambo matatu kwa mstari mmoja: “YAH: OMBI LA IDHINI NA NAKALA YA SEKUNDE 60 ZA PICHA ZA HABARI, AJALI YA MV BUKOBA, MEI 1996.” Aya ya kwanza iseme waombaji ni akina nani na filamu ni ya nini, kwa sentensi mbili au tatu, bila historia ya kikundi tangu kusajiliwa:

“Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha jamaa za waliokufa na walionusurika katika ajali ya MV Bukoba. Tunaandaa filamu ya hali halisi ya dakika 40, kwa lugha ya Kiswahili, yenye simulizi za walioshuhudia. Filamu haitauzwa, na watazamaji hawatatozwa kiingilio.”

Sentensi hiyo ya mwisho iandikwe tu kama ni kweli na itabaki kuwa kweli. Nimeona maombi yanayosema “si ya biashara” huku waandaaji wakiwa na mfadhili anayetaka nembo yake mwanzoni, na wakiwa na mpango wa kuweka filamu mtandaoni penye matangazo ya kulipia. Mwanasheria wa kituo akiligundua hilo baadaye, idhini yote inatetereka, kwa kuwa ilitolewa kwa maelezo yasiyo sahihi. Kama kuna mfadhili, mtaje. Kama mnategemea kuuza nakala baadaye, semeni. Bei inaweza kupanda, lakini karatasi mtakayopewa itakuwa na nguvu.

Aya ya pili ndiyo moyo wa barua. Hapa zinaingia zile sekunde:

“Tunaomba kutumia vipande vitatu vilivyomo katika habari iliyotangazwa na kituo chenu kati ya tarehe 21 na 31 Mei 1996: (a) watu wakisubiri bandarini Mwanza, sekunde 17, (b) tumbo la meli likionekana juu ya maji, sekunde 25, (c) mazishi, sekunde 18. Tumeambatisha picha ya kila kipande pamoja na nakala ya ubora wa chini kwa ajili ya utambuzi tu. Tunaomba mtuthibitishie kama picha hizi zilipigwa na wapiga picha wenu au zilitoka kwa shirika lingine la habari.”

Sentensi ya mwisho ya aya hiyo ndiyo inayokuepusha na ankara niliyoitaja. Inamlazimu mtu mmoja ndani ya kituo aangalie na aandike jibu. Akijibu kwamba kipande (b) si chao, hasara ni barua moja zaidi kwa shirika husika. Akinyamaza juu ya hilo na kutoa idhini ya jumla, andika tena uulize. Kuuliza mara ya pili hakumkasirishi mtu anayejua kazi yake.

Ipo pia suala la sauti. Habari ya televisheni ina sauti ya msomaji, sauti ya mwandishi, sauti za eneo la tukio, na pengine muziki wa ufunguzi wa taarifa. Kikundi chetu kinataka picha na sauti za eneo tu, kwa sababu wasimulizi wake ni wazee wenyewe. Basi barua iseme hivyo, na iulize kama ipo kanda ya kazi, yaani picha kabla hazijawekwa sauti ya mwandishi, maandishi na nembo. Mara nyingi haipo tena. Ikiwepo ni bahati kubwa, maana ina picha ambazo hazikupata nafasi kwenye taarifa ya dakika mbili.

Aya ya tatu ielezee matumizi: wapi, kwa njia gani, kwa muda gani. Hapa waombaji hukosea kwa pande mbili. Wapo wanaoomba kidogo mno, “kuonyesha kwenye kumbukumbu ya Mei mjini Bukoba”, kisha tamasha la filamu likawaalika nao hawana haki ya kwenda. Wapo wanaoomba dunia nzima, njia zote, milele, kwa sababu walikuta maneno hayo kwenye mkataba fulani, na bei wanayorudishiwa inawakatisha tamaa. Kikundi chetu kinafikiri kwanza filamu itaonekana wapi kweli: kwenye mikusanyiko ya kijamii Kagera na Mwanza, shuleni, kwenye matamasha mawili matatu, na mtandaoni kwa ajili ya ndugu walio nje ya nchi. Mtandao hauna mipaka, kwa hiyo ombi la mtandaoni ni ombi la dunia nzima. Kinaomba miaka mitano, leseni isiyo ya kipekee, na kinaomba kituo kitaje bei ya kuongeza muda ikifika mwisho. Swali hilo la mwisho ligharimu nini sasa? Halina gharama. Likiulizwa baada ya miaka mitano, filamu ikiwa imeshajulikana, mwenye picha ndiye mwenye kauli.

Kuhusu malipo, vituo na mashirika mengi hutoza kwa sekunde au kwa dakika, na huweka kiwango cha chini. Kiwango hicho cha chini ndicho kinachowashangaza watu. Tuseme kituo kinatoza kwa sekunde, na kiwango cha chini ni sekunde 30 kwa kila kipande. Vipande vya kikundi chetu ni sekunde 17, 25 na 18. Vyote viko chini ya 30, kwa hiyo kitatozwa sekunde 90 ingawa kinatumia 60. Kama kiwango cha chini kinahesabiwa kwa habari nzima na si kwa kipande, na vipande vyote vimetoka kwenye habari moja, kitatozwa sekunde 60. Tofauti ni theluthi moja ya ankara, na jibu linapatikana kwa swali la mstari mmoja. Juu ya hapo ipo gharama ya kutafuta na kunakili, ambayo hulipwa hata idhini ikitolewa bure. Kituo kikisamehe ada ya leseni kwa sababu ya hali ya kikundi, bado kuna mtu atakayeitafuta kanda, kuisafisha, na kutafuta mashine ya Betacam au U-matic inayofanya kazi. Mashine hizo zinazidi kuadimika. Mimi naona ni haki kuilipia kazi hiyo, na barua inayosema mapema “tuko tayari kulipia gharama za kunakili” huhama kutoka rundo la waombaji msaada kwenda kwenye rundo la kazi.

Ombeni kwanza nakala ya kuangalia, ile yenye namba za muda zinazokimbia juu ya picha. Namba hizo huifanya isifae kuingizwa kwenye filamu, ndiyo sababu vituo huitoa kwa urahisi. Mnahariri kwa nakala hiyo, mnaamua sekunde mnazozihitaji kweli, kisha mnaagiza nakala safi kwa namba zilezile. Kikundi chetu kinaweza kugundua hapo kwamba kipande cha mazishi hakihitajiki kabisa. Semeni pia kwamba mtaitumia picha katika umbo lake. Picha za wakati ule ni za uwiano wa 4:3, na wahariri wa sasa huzivuta zijaze kioo kipana, watu wakawa wafupi na wanene. Acheni weusi pembeni.

Msingi wa haya yote ni sheria, na ni vyema mwombaji ajue anasimama wapi. Tukio halina mwenyewe: mtu yeyote anaweza kusimulia kwamba MV Bukoba ilipinduka, na Mkataba wa Berne unasema wazi kwamba habari za siku hazipati ulinzi zenyewe. Kinacholindwa ni picha iliyopigwa na namna ilivyohaririwa. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1994, na mkataba unaweka miaka 50 kuwa kiwango cha chini cha ulinzi kwa filamu. Kwa hesabu hiyo picha zilizotangazwa mwaka 1996 haziwezi kuwa huru kabla ya miaka ya 2040. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuuliza. Wengi hujitetea kwamba sekunde chache hazihitaji ruhusa. Sheria ina matumizi huru ya aina kadhaa, lakini hakuna idadi ya sekunde iliyowekwa kuwa salama, na filamu itakayokaa mtandaoni kwa miaka si mahali pa kujaribia. Tovuti za video zina mitambo inayotambua picha za mashirika makubwa yenyewe. Filamu inaweza kufungwa asubuhi ya siku ya kumbukumbu.

Kuna jambo ambalo kituo hakiwezi kuliruhusu hata kikitaka. Katika kanda za siku zile kuna nyuso za waliofiwa wakilia, na kuna miili. Kituo kina haki juu ya picha; hakina haki juu ya majonzi ya mama aliyepigwa picha bila kuulizwa, ambaye pengine yu hai na anaishi Muleba. Mikataba mingi ya leseni husema kwa lugha kavu kwamba kituo hakitoi dhamana yoyote kuhusu haki za watu wanaoonekana, na kwamba mtumiaji atabeba madai yakitokea. Soma kifungu hicho kwa makini, maana kinakuachia wewe uamuzi. Kikundi cha jamaa kina nafasi ambayo kituo hakikuwa nayo mwaka 1996: kinaweza kuipeleka nakala ya kuangalia kwa familia, kuwaonyesha, na kuuliza. Ningeandika hilo kwenye barua pia. “Picha yoyote inayomtambulisha marehemu au mfiwa tutaionyesha kwanza kwa familia husika, na hatutaitumia ikikataliwa.” Mkurugenzi anayehofia jina la kituo chake kuhusishwa na filamu ya kudhalilisha wafu anaipata hapo sababu ya kusaini.

Baada ya kutuma, hesabuni wiki tatu au nne kabla ya kukumbushia, na ukumbusho uwe wa simu kwa mtunza kanda, huku barua ya mkurugenzi ikiwa na kumbukumbu namba ya kutajia. Ukimya si idhini. Wala “hakuna shida, tumieni tu” ya kwenye simu, hata ikitoka kwa mtu mkubwa, kwa sababu siku akihama hakuna karatasi. Akishasema hivyo, mshukuruni, kisha siku hiyohiyo mwandikieni barua pepe fupi inayorudia alichokubali, sekunde kwa sekunde, mkimwomba ajibu kwa neno moja la kuthibitisha. Karatasi hiyo itahitajika na kila tamasha na kila kituo kitakachotaka kuonyesha filamu. Haiondoi wajibu wa kupita Bodi ya Filamu, ambako ni mlango mwingine kabisa.

Na jibu linaweza kuwa kwamba kanda haipo. Imefutwa, imeota ukungu, au ilipotea kituo kilipohama jengo. Ombeni mwandikiwe hilo nalo. Kwa karatasi inayosema kwamba mwenye haki amekubali lakini hana nakala, ile VHS ya nyumbani inabadilika hadhi: kama kituo kitaridhia kwa maandishi, nakala iliyorekodiwa sebuleni mwaka 1996 inaweza kutumika kihalali. Hapo atafutwe mwenye kanda yenyewe, si mwenye simu. Ikipatikana isichezwe kwa majaribio kwenye deki ya zamani, kwani kanda iliyokaa muda mrefu inaweza kukatika au kuharibika kwa mzunguko mmoja tu. Ipelekwe kwa fundi mwenye mashine safi, inakiliwe mara moja kwa ubora wa juu kabisa, na nakala moja ipelekwe kituoni.